SAC305, shaba-nikeli au bismuthi: lehemu ipi kwa bodi ya taa inayowashwa na kuzimwa kila siku?

Lehemu iliyo juu ya bodi ya taa ya LED inafanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Jioni taa inawashwa na bodi inapanda kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 85 hivi za Selsiasi. Asubuhi inazimwa, inapoa. Hakuna anayeigonga wala kuidondosha, na bado baada ya muda kiungo kinapasuka. Watu wengi wakichagua lehemu ya bodi kama hii huuliza kwanza ipi inayeyuka kwa urahisi. Kwangu hilo ni swali la mwisho.

Nimechukua lehemu tatu zisizo na risasi ambazo fundi au mbunifu wa bodi ana uwezekano mkubwa wa kukutana nazo. Ile ya zamani yenye risasi nimeiweka mstari wa mwisho kama kipimo tu.

| Lehemu | Mchanganyiko kwa uzito | Inayeyuka (°C) | Kilele cha joto kwenye oveni (°C) |
|---|---|---|---|
| SAC305 | bati 96.5%, fedha 3%, shaba 0.5% | 217–220 | 235–250 |
| Shaba-nikeli | bati zaidi ya 99%, shaba 0.7%, nikeli 0.05% | 227 | 245–255 |
| Sn42Bi58 | bati 42%, bismuthi 58% | 138 | 165–180 |
| Sn63Pb37 | bati 63%, risasi 37% | 183 | 205–220 |

Kuyeyuka

Bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi 232, bismuthi kwenye 271. Ukizichanganya kwa uwiano wa 42 kwa 58, unapata kitu kinachoyeyuka kwenye 138, chini sana ya zote mbili, tena kinayeyuka chote kwa mpigo. Uwiano huo ndio unaoitwa yutektiki. Ukiukosa kidogo, lehemu inapita hatua ya ujiuji: sehemu imeyeyuka, sehemu bado ni punje ngumu. Kijenzi kikitikisika lehemu ikiwa katika hali hiyo, kiungo kinaganda kikiwa na nyufa ndani.

Kwa maana hiyo Sn42Bi58 na ile ya shaba-nikeli zina tabia nzuri: ama zimeganda, ama ni maji. SAC305 si yutektiki kamili, ila hatua yake ya ujiuji ni ya nyuzi tatu tu na mkononi huwezi kuihisi. Utaiona baadaye. Uso wake ukiganda huwa umefifia na mara nyingine una mifereji myembamba, kwa sababu bati limeganda kwanza na sehemu iliyobaki ikanywea katikati ya matawi yake. Mafundi waliozoea mng'ao wa lehemu ya risasi hudhani kiungo hicho ni kibovu na kukichoma tena. Sivyo. Mfereji ambao kitako chake kinaonekana, na ambao haujagusa padi, yaani kipande cha shaba cha bodi kinacholehemiwa, wala mguu wa kijenzi, unakubalika hata katika kiwango cha IPC-A-610 kinachotumika kukagua bodi. Shaba-nikeli hutoka na uso laini unaong'aa. Nikeli ile kidogo ndiyo inayofanya kazi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye jedwali. SAC305 huyeyuka kwenye 217, lakini haigandi hapo. Bati hupata shida kuanzisha fuwele ya kwanza, kwa hiyo lehemu inaweza kupoa nyuzi ishirini au zaidi chini ya 217 ikiwa bado ni maji. Fuwele ya kwanza ikishazaliwa, inakua kwa kasi na kumeza karibu kiungo kizima. Matokeo yake ni kwamba kiungo kimoja cha SAC mara nyingi kina fuwele moja, mbili au tatu tu za bati, kila moja ikiwa imelala upande wake. Hili litatusumbua tukifika kwenye nyufa.

Kulowanisha

Lehemu ikiyeyuka juu ya shaba safi haikai tu pale. Bati linaungana na shaba na kutengeneza tabaka jembamba la Cu6Sn5, unene wa mikroni moja hadi tatu kwenye kiungo kipya, na ni muungano huo unaoifanya itambae. Ukitazama pembeni utaona pembe kati ya ukingo wa lehemu na padi: ikiwa ndogo, lehemu imelowanisha vizuri, ikisimama wima au kujikunja ndani kama tone la maji kwenye nta, haikulowanisha.

Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayotambaa vizuri kama lehemu ya risasi. SAC305 ndiyo inayoikaribia, lakini mara nyingi huacha kona za padi zikionyesha shaba tupu, na hiyo si kasoro mradi miguu ya kijenzi imeshikwa. Shaba-nikeli inataka moto zaidi na sekunde zaidi. Kwenye bodi ya faiba hilo si tatizo kubwa. Kwenye bodi ya alumini ni tatizo, kwa kuwa alumini inanyonya joto la pasi ya kulehemu haraka kuliko pasi inavyolileta. Utaona lehemu imeganda kwenye ncha huku padi ikiwa bado baridi. Dawa ni kuiweka bodi juu ya bamba la moto, ipande yote hadi nyuzi 120 au 150, ndipo umalizie kwa pasi au kwa hewa ya moto.

Hapo ndipo Sn42Bi58 inapoanza kumvutia mtu. Unapaka pesti, unapanga LED, unaweka bodi kwenye bamba la nyuzi 170, na ndani ya dakika chache kila kitu kimekaa. Plastiki haijabadilika rangi, lenzi haijageuka njano. Ila angalia fluksi, ile kemikali inayoondoa oksidi ili lehemu ishike. Fluksi iliyotengenezwa kwa ajili ya SAC huanza kufanya kazi kwa nguvu kwenye joto ambalo bismuthi haifiki kabisa, kwa hiyo oksidi haiondoki. Dalili yake ni vijipunje vya kijivu ambavyo havikuungana, vimekaa pembezoni mwa padi kama mchanga. Nunua pesti iliyotengenezwa mahsusi kwa lehemu ya bismuthi. Kuongeza fluksi nyingine juu yake mara nyingi huongeza uchafu tu.

Kulowana vizuri kunaonyesha kuwa kiungo kimeshika leo. Hakukuambii kitavumilia siku ngapi, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo watu wanapopotea: wanakagua bodi kwa hadubini, viungo vyote vinapendeza, na wanahitimisha kwamba lehemu waliyochagua ni nzuri.

Kupanuka na kunywea

Chukua LED ya aina ya 3535, yaani yenye msingi wa kauri wa milimita 3.5 kwa 3.5. Kauri ya alumina hupanuka takribani sehemu 7 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Alumini ya bodi hupanuka takribani 23. Tofauti ni 16. Kutoka katikati ya LED hadi ukingoni ni milimita 1.75, na joto linapanda nyuzi 60. Zidisha: 1.75 × 16 × 60 ÷ 1,000,000 ni kama milimita 0.0017, yaani mikroni 1.7. Hicho ndicho kiasi ambacho ukingo wa padi kwenye alumini unajaribu kuupita ukingo wa kauri.

Mikroni 1.7 inaonekana kuwa si kitu. Lakini lehemu iliyo katikati ina unene wa mikroni 50 tu, na yote hayo lazima yamezwe na unene huo. 1.7 kwa 50 ni asilimia 3.4 ya kuburutwa kwa upande, kila jioni kwenda na kila asubuhi kurudi. Bodi hupinda kidogo na kupunguza mzigo, kwa hiyo kiasi halisi ni chini ya hapo, lakini hata nusu yake inaipitisha lehemu mbali na kiwango ambacho ingerudi ilivyokuwa bila kuumia.

Linganisha na rezista kubwa ya kauri ya 2512, yenye urefu wa milimita 6.4, juu ya bodi ya kawaida ya faiba inayopanuka karibu 16. Tofauti ni 9 tu, umbali kutoka katikati ni milimita 3.2. Ukipiga hesabu unarudi palepale, mikroni 1.7. LED ndogo kwenye alumini inaburutwa sawa na rezista karibu mara mbili ya urefu wake kwenye faiba. Mafundi wengi huiogopa ile 2512 na kuiamini ile LED.

Uchovu wa lehemu hufuata kanuni ya Coffin na Manson. Kwa makadirio ya mezani, ukipunguza mburuto kwa nusu, idadi ya mizunguko hadi kupasuka huongezeka karibu mara nne. Kanuni hiyo haijali sana jina la lehemu. Ukiweza kupandisha unene wa lehemu chini ya LED kutoka mikroni 50 hadi 75, mburuto unashuka kwa theluthi, na uhai unaongezeka zaidi ya mara mbili. Kubadilisha lehemu pekee mara nyingi hakukupi faida ya kiasi hicho. Kwa hiyo stensili nene kidogo, yaani bamba lenye matundu la kupakia pesti, au LED isiyobanwa chini wakati wa kulehemu, inastahili kufikiriwa kabla ya kubishana kuhusu fedha na bismuthi.

Lehemu tatu kwenye mzunguko uleule

Sasa tuzilinganishe. Metali inayofanya kazi ikiwa juu ya nusu ya joto lake la kuyeyuka, ukipima kwa kelvini, haitulii. Ikibebeshwa mzigo inatambaa polepole hata kama mzigo hauongezeki. Kiungo cha nyuzi 85 ni kelvini 358. SAC305 inayeyuka kwenye kelvini 490, kwa hiyo iko kwenye asilimia 73 ya safari. Shaba-nikeli iko kwenye 72. Sn42Bi58 inayeyuka kwenye kelvini 411: iko kwenye 87. Na LED zenye nguvu zikifungiwa kwenye kasha lisilo na hewa, kiungo kinaweza kufika nyuzi 105. Hapo bismuthi imefika asilimia 92, na kwa lugha ya metali hiyo ni hali ya kukaribia kuwa uji.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni rahisi. Kama kiungo kinavuka nyuzi 80 hivi kwa saa nyingi, Sn42Bi58 iondoe mezani, hata kama ndiyo iliyolehemika vizuri kuliko zote. Ikikaa kwenye joto hilo, vipande vyake vya bismuthi, ambavyo vyenyewe ni vikavu na vinavunjika kwa urahisi, vinakua vikubwa. Tena haipitishi joto vizuri: takribani wati 20 kwa mita kwa kelvini, wakati SAC305 ni karibu 60. Iweke kwenye kazi zake: bodi inayobaki chini ya nyuzi 60 au 70, sensa, kiunganishi cha plastiki kisichovumilia oveni, kitu ambacho hakitadondoshwa. Huko inafanya vizuri sana. Aina zilizoongezewa fedha kidogo, asilimia 0.4 hadi 1, zina chembe laini zaidi na zinavumilia zaidi, lakini kikomo cha joto hakisogei kwa maana yoyote.

Kati ya SAC305 na shaba-nikeli mambo hayako wazi hivyo. Nguvu ya SAC inatoka kwenye vijipunje vya Ag3Sn, muungano wa fedha na bati, vilivyotawanyika ndani ya bati na kulizuia lisiteleze. Ndiyo sababu kwenye mizunguko ya joto SAC305 kwa kawaida inaishi zaidi ya shaba-nikeli. Lakini vijipunje hivyo havidumu vilivyo. Kila saa ya joto vinaungana, vinakuwa vichache na vikubwa, na ulinzi unapungua. Kiungo cha SAC cha mwaka wa tatu si kile ulichokilehemu.

Halafu kuna zile fuwele chache. Fuwele ya bati hupanuka takribani 30 kwa milioni kwa upande mmoja na 15 kwa upande mwingine. Fuwele mbili zilizolala tofauti ndani ya kiungo kimoja zinasukumana zenyewe, hata bila msaada wa alumini. Kiungo kilichobahatika kulala vizuri hudumu, jirani yake kwenye bodi ileile anapasuka mapema. Ukikata kiungo kilichochoka, ukakisugua hadi king'ae na kukitazama chini ya mwanga uliochujwa utetemeke kwa mwelekeo mmoja tu, utaona kitu cha ajabu kidogo: sehemu kubwa bado ni fuwele moja pana, lakini karibu na kauri kuna mkanda wa fuwele ndogondogo zilizozaliwa upya kutokana na kuburutwa, na ufa unapita katikati yake, ukifuata mipaka ya fuwele hizo. Mkanda huo hutangulia ufa. Ukiuona bila ufa, ujue ufa uko njiani.

Wauzaji husema SAC305 inaishinda lehemu ya risasi kwenye mizunguko ya joto. Ni kweli pale mburuto ukiwa mdogo. Mburuto ukiwa mkubwa, kama kwenye kauri pana, mambo hugeuka na ile ya risasi ndiyo inayodumu, kwa sababu ni laini na inakubali. Pia tazama muda wa kukaa kwenye joto. Kiwango cha IPC-9701 kina jaribio la nyuzi 0 hadi 100 na jingine la −40 hadi 125, ambapo bodi hukaa kwenye kila ncha kwa dakika kumi au zaidi. SAC hutambaa polepole, kwa hiyo dakika kumi hazimalizi madhara yake. Taa inayowaka usiku kucha inayamaliza. Majaribio ya dakika chache yanaipendelea SAC.

Kwa bodi yetu ya LED, pamoja na hayo yote, ningechagua SAC305, kwa sababu ya mizunguko na kwa sababu inalowanisha vizuri kwenye padi pana ya katikati inayopitisha joto. Padi hiyo ikibaki na matundu ya hewa, LED inapata moto zaidi, kiungo kinapata moto zaidi, na hesabu yote ya juu inakuwa mbaya.

Kwa bodi ya pili ya taa hiyohiyo, ile ya ugavi wa umeme yenye miguu inayopita kwenye matundu, ningechukua shaba-nikeli. Huko kiungo ni kinene, miguu ni ya metali inayopinda, na mburuto ni mdogo. Kinachosumbua ni shaba ya tundu kuyeyukia ndani ya lehemu unapochoma mara ya pili na ya tatu. SAC305 inaila shaba hiyo haraka, shaba-nikeli taratibu. Na isiyo na fedha ni nafuu zaidi.

Ukikuta taa imeshachoka

LED zilizopangwa mfululizo hutoa dalili inayotambulika. Taa inawaka ikiwa baridi, baada ya dakika chache mstari mzima unazimika, ikipoa inarudi. Alumini imepanuka na kuufungua ufa. Bonyeza LED moja baada ya nyingine kwa kijiti cha mbao. Ile inayoirudisha taa ndiyo yenye kiungo kilichokatika. Padi ya joto ikipasuka kabla ya zile za umeme, hakuna kuzimika: LED hiyo moja inafifia na kupata moto kuliko jirani zake, na watu huilaumu LED.

Kuyeyusha upya kiungo hicho kunairudisha taa, lakini mburuto ni uleule, kwa hiyo utarajie ufa tena baada ya muda unaofanana. Kibaya zaidi ni kuongezea lehemu ya bismuthi bila kujua kilichopo chini. Bismuthi, bati na risasi vikikutana vinaweza kutengeneza yutektiki ya pamoja inayoyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwenye bodi inayofika 100 sehemu hiyo inakuwa maji taa ikiwa inawaka.

Kujua kilichopo si kazi kubwa. Funga waya wa kupimia joto kwenye bodi, iweke juu ya bamba la moto, pandisha taratibu, na uisukume LED iliyokufa kwa upande kila mara. Ikisogea karibu na 140, ni bismuthi. Karibu na 185 ni ya risasi. Ikigoma hadi 220 na zaidi, ni SAC au shaba-nikeli. Ikisogea karibu na 100, mtu ameshachanganya bismuthi na risasi hapo kabla yako: toa kila kijenzi, nyonya lehemu yote kwa utepe wa shaba, paka fluksi, nyonya tena, ndipo uanze na lehemu mpya.